Stoo Inaposema Tatu, Tovuti Ikasema Kumi na Mbili

Tuchukue mfano wa duka la pampu za maji jijini Mwanza. Lina kaunta mjini, lina stoo nyuma ya kaunta, na lina duka jingine mtandaoni ambako mteja wa Geita au Bukoba anaweza kuagiza bila kusafiri. Kati ya stoo na tovuti ipo programu ndogo ambayo kila baada ya dakika tano husoma idadi ya bidhaa zilizobaki stoo na kuipeleka kwenye tovuti. Kisha hurudi na oda zilizoingia mtandaoni ili stoo izipunguze. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa usawazishaji wa stoo.

Jumatatu saa 2:00 asubuhi programu inawashwa na kila kitu kinakwenda sawa. Saa 3:00 kamili inaacha kufanya kazi, na hakuna anayejua. Tovuti haizimiki, keshia haoni tofauti yoyote, kompyuta ya dukani inaendelea kuwaka. Ila tovuti imebaki na idadi ya mwisho iliyopelekewa, yaani pampu kumi na mbili. Hadi saa 9:00 alasiri kaunta imeuza tisa, kwa hiyo stoo zimebaki tatu. Mtandaoni nako wateja, wakiamini zipo kumi na mbili, wameagiza na kulipia tano. Duka linadaiwa pampu mbili ambazo halina.

Fundi anaitwa, anazima programu na kuiwasha tena, na kila kitu kinarudi sawa. Saa moja baadaye kosa ni lilelile.

Kusoma logi

Programu ya namna hii huandika kila ombi inalotuma na jibu inalopewa. Logi ya asubuhi hiyo, kwa saa za kompyuta ambazo 09:00 ni saa 3:00 asubuhi, ingeonekana hivi:

```
08:50:02  PUT /inventory/PMP-075  200 OK
08:55:02  PUT /inventory/PMP-075  200 OK
09:00:02  PUT /inventory/PMP-075  401 Unauthorized
09:05:02  PUT /inventory/PMP-075  401 Unauthorized
```

Jibu la `401` maana yake ni kwamba seva imelipata ombi, imelisoma, na imelikataa kwa sababu aliyelituma hajathibitisha yeye ni nani. Kwa hiyo tatizo si intaneti. Mtandao ungekuwa umekatika, jibu lisingefika kabisa. Tatizo si ruhusa pia, maana mtumaji anayetambulika lakini haruhusiwi kugusa kitu fulani hujibiwa `403`. Wala si wingi wa maombi, kwa kuwa anayetuma mengi kupita kiasi hujibiwa `429`.

Baada ya kuisoma namba, tazama saa. Siri ya kuingilia ingekuwa imeandikwa vibaya, ombi la kwanza kabisa lingekataliwa. Hapa maombi ya saa nzima yamekubaliwa, kisha yote yakaanza kukataliwa kwa pamoja, na kuwasha upya kunaponya kwa muda uleule kila mara. Ukiona dalili hizo tatu pamoja, unayo sababu nzuri ya kuamini kwamba tokeni imeisha muda na hakuna aliyeihuisha.

Tokeni ina maisha mafupi kwa makusudi

Tovuti nyingi za biashara hufuata utaratibu wa OAuth 2.0, uliochapishwa mwezi Oktoba 2012 katika waraka wa RFC 6749. Kwa utaratibu huo programu haitumi nenosiri la mwenye duka katika kila ombi. Hujitambulisha mara moja kwa seva ya uthibitisho, ikapewa tokeni, na tokeni hiyo ndiyo inayoambatana na kila ombi linalofuata. Ni kama kadi ya mgeni inayotolewa getini: anayeivaa anapita, na mlinzi wa ndani haulizi tena jina lake.

Kwa kuwa yeyote anayeishika anapita, tokeni iliyoibwa ni hatari, na ndiyo maana hupewa maisha mafupi. Tokeni ya Daraja, mfumo wa Safaricom unaowawezesha watengenezaji wa programu kuunganisha malipo ya M-Pesa nchini Kenya, huishi sekunde 3599, pungufu kidogo ya saa moja. Ya mfumo wa uhasibu wa Xero huishi dakika 30, na ya eBay saa mbili. Muda huo hausomwi kwa kukisia, kwa sababu seva huutaja yenyewe inapotoa tokeni:

```json
{
  "access_token": "eyJhbGciOi...",
  "token_type": "Bearer",
  "expires_in": 3600,
  "refresh_token": "8xLOxBtZp8"
}
```

Humo mna tokeni mbili. Ile ya kwanza, `access_token`, ndiyo ya kufikia huduma, na itakufa baada ya sekunde 3600. Ya pili, `refresh_token`, ni ya kuhuisha. Haipelekwi na maombi ya kila siku. Kazi yake moja tu ni kurudi kwa seva ya uthibitisho kuomba tokeni mpya ya kufikia bila kumsumbua mwenye duka aingie tena kwa nenosiri. Ombi lenyewe ni fupi. Programu hujitambulisha, kisha hutuma:

```
grant_type=refresh_token&refresh_token=8xLOxBtZp8
```

Si mifumo yote inayotoa tokeni ya kuhuisha. Daraja, kwa mfano, haitoi. Tokeni ikiisha, programu huomba nyingine kwa funguo zake zilezile. Kwa mifumo ya aina hiyo kazi ni nyepesi zaidi, na mengi ya yanayofuata hapa yanaihusu ile inayotoa mbili.

Kosa la duka letu sasa linaonekana. Aliyeandika programu aliomba tokeni mara moja wakati wa kuwasha, akaiweka kwenye kumbukumbu, na hakuisoma kabisa `expires_in`. Alipoijaribu kwa dakika kumi iliperfomu vizuri, kwa sababu dakika kumi hazifiki saa moja. Baadhi ya mafundi hutibu hali hii kwa kupanga programu ijizime na kujiwasha kila baada ya dakika 50. Ni dawa mbaya. Programu inaweza kuzimwa katikati ya kupeleka orodha, nusu ya bidhaa zikapata idadi mpya na nusu zikabaki na ya zamani, na siku tovuti itakapofupisha maisha ya tokeni ugonjwa utarudi palepale.

Huisha kabla, na urudie mara moja tu

Tiba ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kutosubiri tokeni ife. Programu inapopokea tokeni, itazame saa yake yenyewe, ijumlishe `expires_in`, na kuandika muda wa mwisho. Kabla ya kila ombi iulize kama muda huo umebakiza chini ya sekunde 60. Kama ndivyo, ihuishe kwanza. Sekunde hizo 60 ni za kulinda ombi linaloondoka dukani tokeni ikiwa hai na kufika kwenye seva ikiwa imekufa.

Kuhesabu kwa saa ya kompyuta yako kuanzia pale ulipopokea kuna faida moja kubwa. Tokeni nyingi huwa zimebeba ndani yake muda wa mwisho, ulioandikwa kwa sekunde tangu Januari 1, 1970, kwa saa za UTC. Programu inayoutegemea huo huvurugika pale saa ya kompyuta ya dukani inapochelewa kwa dakika kadhaa, na huvurugika zaidi pale mwandishi anapousoma kana kwamba ni saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko mbele kwa saa tatu. Ukihesabu kwa saa yako mwanzo na mwisho, saa hiyo hata ikiwa imepotoka, tofauti kati ya nyakati mbili inabaki sahihi, mradi isirekebishwe katikati.

Sehemu ya pili ni kwamba `401` inaweza kuja hata kama umehuisha mapema, kwa mfano pale tovuti inapofuta tokeni kwa sababu za usalama. Hapo programu ihuishe tokeni, irudie ombi lilelile mara moja, na jibu likiwa tena `401` isimame na kumpigia mtu kengele. Kurudia bila kikomo hakumsaidii yeyote. Tokeni mbichi ikikataliwa, tatizo si umri wake, na maelfu ya maombi yasiyo na maana yatafanya seva ikufungie kabisa.

Kurudia ombi baada ya `401` ni salama kwa kawaida, kwa kuwa seva hukagua utambulisho kabla ya kufanya kazi yoyote. Idadi ya pampu haikuguswa. Hali ni tofauti ombi linapokatika bila jibu. Hapo huwezi kujua kama seva ilipunguza pampu kabla mtandao haujakatika, na kurudia kijinga kunaweza kuzipunguza mara mbili. Ndiyo maana makosa hayo mawili hayapaswi kushughulikiwa na mstari mmoja wa msimbo.

Hatari iliyo ndani ya tiba

Duka likikua, programu moja haitoshi. Fundi ataweka nakala nne zinazofanya kazi sambamba, kila moja na sehemu yake ya bidhaa, na zote zikitumia tokeni moja. Saa 3:00 inafika, zote nne zinapata `401` ndani ya sekunde moja, na zote nne zinakimbilia kuhuisha kwa kutumia tokeni ileile ya kuhuisha.

Mifumo mingi siku hizi hubadilisha tokeni ya kuhuisha kila inapotumika: unatoa ya zamani, unapewa mpya, na ya zamani haifai tena. Nakala ya kwanza inafanikiwa. Ya pili inafika na tokeni iliyokwisha kutumika. Machoni pa seva hiyo ni dalili ya wizi, maana tokeni moja imeonekana mikononi mwa watu wawili. Waraka wa usalama wa OAuth, RFC 9700 wa Januari 2025, unaeleza utaratibu huo: seva ikiona tokeni ya kuhuisha iliyokwisha kutumika, haiwezi kujua nani mwizi na nani mwenye mali, hivyo hufuta na ile iliyo hai. Nakala zote nne sasa zinajibiwa `invalid_grant`, na mwenye duka analazimika kuingia mwenyewe na kutoa idhini upya. Programu iliyokuwa ikifa kila saa sasa imekufa moja kwa moja, na iliyoiua ni jitihada ya kuiponya.

Kinga yake ni kuhakikisha kwamba kuhuisha kunafanyika mahali pamoja na kwa zamu. Nakala inayotaka kuhuisha ishike kwanza kufuli. Ikishalipata, isikimbilie kuhuisha. Isome upya tokeni iliyohifadhiwa, kwa kuwa huenda wakati inasubiri mwenzake amekwisha kuleta mpya. Kwa lugha ya Python mpango huo ni huu:

```python
def pata_tokeni(mbovu=None):
    with kufuli:
        t = soma_hifadhi()
        if t.access != mbovu and sasa() < t.mwisho - 60:
            return t.access
        mpya = huisha(t.refresh)
        andika_hifadhi(mpya)
        return mpya.access

def tuma(ombi):
    tokeni = pata_tokeni()
    jibu = peleka(ombi, tokeni)
    if jibu.status_code == 401:
        tokeni = pata_tokeni(mbovu=tokeni)
        jibu = peleka(ombi, tokeni)
    return jibu
```

Tazama neno `mbovu`. Nakala iliyokataliwa inaitaja tokeni iliyokataliwa. Kama iliyohifadhiwa ni nyingine, basi mwenzake amekwisha kuhuisha, na inaichukua hiyo bila kugusa seva ya uthibitisho. Kati ya nakala nne, moja tu ndiyo itakayohuisha. Kama nakala hizo ziko kwenye kompyuta tofauti, kufuli la ndani ya programu halitoshi. Liwekwe mahali zote zinapopaona, kwa mfano kwenye mstari wa hifadhidata unaosomwa kwa `SELECT ... FOR UPDATE`.

Tazama pia kwamba tokeni mpya inaandikwa kwenye hifadhi kabla haijatumika popote. Umeme ukikatika baada ya seva kutoa tokeni mpya na kabla hujaiandika, ya zamani imekufa na mpya imepotea. Xero huruhusu tokeni ya zamani ijaribiwe tena ndani ya dakika 30 kwa ajili ya ajali kama hiyo, lakini si kila mfumo una huruma hiyo. Hifadhi hiyo ilindwe kama nenosiri linavyolindwa, na tokeni zisiandikwe kamwe kwenye logi.

Kuhuisha kwenyewe kunaweza kushindikana kwa njia mbili ambazo zinahitaji hatua zinazopingana. Mtandao ukikatika au seva ya uthibitisho ikijibu kwa namba za `500`, subiri kidogo na ujaribu tena, ukirefusha muda wa kusubiri kila mara. Jibu likiwa `invalid_grant`, usijaribu tena. Tokeni ya kuhuisha imeisha muda, imefutwa, au mwenye akaunti ameondoa idhini yake. Ya Xero, kwa mfano, hufa ikikaa siku 60 bila kutumika, hivyo duka lililofunga miezi mitatu kwa ukarabati litakuta mlango umefungwa. Dawa ya hapo ni binadamu kuingia na kuidhinisha, na kazi ya programu ni kumwambia haraka.

Tokeni imepona, lakini stoo bado

Wengi huishia hapa, na duka letu la Mwanza linabaki na deni la pampu mbili. Saa sita za ukimya hazifutiki kwa kupata tokeni mpya. Hesabu za pande mbili zimeachana, na zinahitaji kukutanishwa kwa mpangilio maalumu.

Programu ikianza kwa kupeleka idadi ya stoo, itaiambia tovuti kwamba pampu zipo tatu. Tovuti itafungua mauzo ya pampu tatu, ilhali watu wameshalipia tano na hata hao hawatoshelezwi. Deni linakua mpaka pampu tano. Kwa hiyo mpangilio sahihi ni kinyume chake: kwanza chukua oda zote zilizoingia mtandaoni tangu usawazishaji wa mwisho uliofanikiwa, zipunguze kwenye stoo, na ndipo upeleke jibu. Tatu kutoa tano ni pungufu mbili. Tovuti ipelekewe sifuri, na zile mbili zipelekwe kwa mtu wa mauzo awapigie wateja kabla wao hawajapiga.

Na ujumbe uliokwama kwenye foleni tangu saa 3:00 ufanyweje? Inategemea programu ilikuwa ikituma nini. Kama kila ujumbe unataja idadi kamili, "zipo kumi na moja", "zipo kumi", basi wa zamani hauna thamani tena. Tupa wote na upeleke idadi ya sasa. Kama kila ujumbe unataja mabadiliko, "punguza moja", basi hakuna unaoruhusiwa kupotea wala kupelekwa mara mbili, na kila mmoja uwe na namba yake ya pekee ili tovuti iukatae ukija tena. Kwa duka dogo, kutuma idadi kamili ni salama zaidi, kwa sababu kosa moja hurekebishwa na ujumbe unaofuata.

Kujaribu kabla ya kukabidhi

Mwenye duka asiyejua msimbo anaweza kudai mambo matatu kutoka kwa fundi wake, na yote yanaonekana kwa macho. La kwanza ni programu iachwe ikifanya kazi kwa muda unaozidi maisha ya tokeni angalau mara mbili. Kama tokeni ni ya saa moja, majaribio ya nusu saa hayathibitishi lolote. La pili ni fundi aiharibu tokeni ya kufikia iliyohifadhiwa kwa kuibadilisha herufi chache, huku nakala zote zikifanya kazi. Logi ionyeshe `401` kadhaa, kisha kuhuisha mara moja tu, kisha `200` kwa wote. Kuhuisha kukionekana mara mbili au zaidi, kufuli halifanyi kazi.

La tatu ni kengele. Programu iliyokwama haitoi kelele, kwa hiyo usingoje ikuambie kosa. Pima muda tangu ilipofanikiwa mara ya mwisho. Kama inapeleka idadi kila baada ya dakika tano, basi dakika 15 bila `200` hata moja zitoshe kutuma ujumbe mfupi kwenye simu ya msimamizi. Jumatatu ile ujumbe huo ungefika takribani saa 3:10 asubuhi, pengine kaunta ikiwa ndiyo kwanza inauza pampu ya kwanza.